Muguka wa Kwenye Friji

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi kwa aibu wala kwa kujisifu, nasema tu ili ijulikane nilitolewa wapi siku ile. Mke wangu anafanya kazi ya ofisi huko Meru, upande wa Kinoru, na hurudi Ijumaa jioni. Mimi nimebaki huku chini ya Karurumo na kuku, ng'ombe mmoja mwenye kiburi, binti yetu wa kidato cha tatu, na mashina kadhaa ya muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, nyuma ya nyumba. Nikiulizwa kazi yangu nasema ni mkulima. Mke wangu akiulizwa husema mzee wake analinda sufuria. Watu hucheka, nami hucheka nao, lakini sufuria kweli nailinda. Nikialikwa harusi ya Jumamosi mgongo huanza kuniuma Jumatano.

Kwa hivyo simu ya shule ilipoingia asubuhi, nilikuwa mahali ninapopatikana kila siku, yaani jikoni. Alikuwa ni depyuti, naibu wa mwalimu mkuu, yule mama anayeshika nidhamu ya shule nzima. Sauti yake naijua, kwa sababu kwenye mikutano ya wazazi mimi hukaa nyuma kabisa na bado hunifikia.

"Mzazi, njoo shule sasa hivi," akasema. "Na usije ukiwa unatafuna."

Mimi muguka naupanda, situmii. Nilijaribu nikiwa kijana, nikakaa macho usiku kucha nikipanga maendeleo ya kaunti, na asubuhi sikuweza kufunga kamba ya kiatu. Tangu hapo nauza tu. Lakini ulishawahi kujitetea kwa mtu ambaye amekata simu? Nilivaa koti la kanisani juu ya shati la kukamulia ng'ombe nikaenda.

Nilimkuta binti yangu amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, mikono ameibana katikati ya mapaja. Alinitazama halafu akatazama chini. Nikaona magoti yanatetemeka. Sketi yote ilikuwa inatetemeka, kama nguo iliyoanikwa penye upepo, na hapo hapakuwa na upepo.

Ndani, depyuti alinieleza mambo yalivyokwenda. Walikuwa kwenye mtihani wa hesabu. Binti yangu akaanza kutetemeka mpaka kalamu ikachora badala ya kuandika. Mwalimu alipomuuliza akajibu haraka haraka, maneno yakipandana. Akasema moyo unamwenda mbio. Kisha akakimbilia mlangoni akatapika. Na si siku hiyo tu, mwalimu wa darasa alikuwa ameandika wasiwasi wake kitambo: halali, hali chakula cha mchana, ana hasira za karibu, kila saa anaomba ruhusa aende chooni. Depyuti akaitwa. Akamwambia afungue mdomo. Akamtazama macho. Halafu, darasa zima likitazama, akamshika mikono akainusa.

Nitarudia, kwa sababu mpaka leo nikiandika hapa vidole vyangu vinataka kuvunja kalamu. Mtoto ametoka kutapika, hajapewa hata maji, na mtu mzima anamnusa mikono kama mbwa wa polisi.

"Mzazi, mimi nimezaliwa hapa hapa," depyuti akaniambia. "Muguka naujua tangu ukiwa kwa shamba. Hizi dalili zote ni zake. Na nimeambiwa kwako uko."

Kulikuwa na walimu wawili kwenye ofisi hiyo wakisahihisha vitabu. Waliacha kusahihisha, wakanitazama nilivyo, koti la kanisani, harufu ya ng'ombe, mwenye muguka. Ningekuwa wao ningeamini pia.

Huo ndio ugonjwa wetu watu wa huku. Mahali pengine mtoto akitetemeka watu husema ana homa, au ana njaa, au amerogwa. Kwetu kila mtu ni daktari wa muguka. Ukikosa usingizi ni muguka. Ukiongea sana, muguka. Ukinyamaza, umeishiwa na muguka. Tumeusoma mmea mmoja mpaka tukafunga kitabu, hatutaki kusikia kuna mwingine.

Depyuti alimwita ndani, akamuuliza mbele yangu, "Unatumia nini?"

"Situmii chochote, madam."

Akauliza tena, akasema akikubali adhabu itakuwa nyepesi. Jibu likawa lile lile. Kisha wote wakanigeukia mimi, na mimi nikafanya walichotaka. Nikamuuliza kwa Kiembu, ili aone ni jambo la nyumbani, kama kuna kitu anatumia. Akainua uso.

"Baba, hata wewe?"

Basi akatumwa nyumbani mpaka bodi ya shule ikae. Depyuti alieleza kwamba kosa la dawa za kulevya si la viboko wala la kufyeka nyasi, ni la kufukuzwa, na shule nyingine ikiuliza sababu, itaambiwa. Alisema bila chuki, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Kutoka ofisini mpaka geti unapita kando ya uwanja, na wakati huo huo shule ilikuwa imeitwa paredi. Tukapita na begi lake, mimi na yeye, huku kipaza sauti kikitangaza kwamba leo mwanafunzi wa kidato cha tatu amepatikana na muguka, na awe funzo. Jina halikutajwa. Halikuhitajika. Sisi ndio tuliokuwa watu wawili pekee tunaotembea.

Nyumbani nilimlaza kwenye kochi nikaenda nyuma ya nyumba. Najua ni upumbavu. Niliinama kwenye muguka wangu, shina kwa shina, nikitafuta vichipukizi vilivyochumwa vibaya, kama askari anayetafuta alama za vidole. Nikapata vingi vilivyochumwa vibaya. Nikafurahi kwamba nimepata ushahidi, halafu nikakumbuka kwamba anayechuma vibaya hapa kwetu ni mimi. Wanunuzi hunilalamikia kila wiki.

Mke wangu akapiga simu. Habari zilikuwa zimemfikia Meru kabla sijafika nyumbani, maana kijiji chetu ni kidogo lakini simu zake ni kubwa. Aliuliza kama muguka huo ni wetu. Nikasema sijui. Akasema mama yake, huko juu Kibugu, ameshapata habari na anataka mtoto apelekwe kwake akakae kwenye baridi, anywe chai ya rangi nzito, damu isafike. Nikasema nitafikiria. Halafu akauliza jambo ambalo mimi na walimu wote wale hatukuwa tumeuliza.

"Anaendeleaje sasa hivi?"

Nikaenda nikamshika mkono. Mshipa ulikuwa unapiga kama mashine ya posho mill iliyoishiwa na mahindi. Nilipomweleza mke wangu, hakunitania. Aliniambia nitafute boda na nimpeleke hospitali, na nisimalize kwanza kuwawekea kuku maji.

Kwenye zahanati tulipokelewa na daktari kijana. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka tangu Jumapili. Nilianza kumweleza yote, depyuti, bodi, muguka, hasira. Akaniambia nikae. Akamweka binti yangu kifaa kwenye kidole, akampima presha, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Moyo ulikuwa unapiga mara mia moja na ishirini kwa dakika, na alikuwa amekaa tu. Akamwangalia ulimi, meno na ndani ya mashavu, kwa adabu, akiomba kwanza. Akasema haoni dalili ya mtu anayetafuna. Akampima sukari. Akauliza kama kifua kinamuuma, kama ameanguka au kuzimia, kama moyo unaruka ruka. Hapana, hapana, hapana.

Nikangoja aulize anatumia nini. Hakuuliza hivyo.

"Hebu nieleze," akamwambia, "tangu uamke asubuhi mpaka ulale, unakunywa nini?"

Binti yangu akajibu kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda sokoni. Asubuhi anakunywa chai ya baba. Akifika shule kabla ya prepu, yale masomo ya alfajiri, anakunywa energi. Saa kumi kabla ya michezo, energi nyingine. Wiki ya mitihani, kama hii, anaongeza moja saa sita badala ya chakula, kwa sababu akili inafunguka na njaa inaisha.

"Energi ya chupa ile kubwa ya nusu lita?"

"Ndiyo. Ile ya kantini."

"Na leo?"

"Mbili kabla ya mtihani. Moja nilipewa. Ilikuwa ya motisha."

Daktari akaweka kalamu chini. Mimi bado sikuwa nimeelewa kitu. Energi, kwangu, ni kitu kizuri. Ndicho tunachopelekea mgonjwa. Mama akijifungua, wanawake wa kikundi huja na unga wa uji, ndizi na energi, kwa sababu jina lenyewe linasema: nguvu, au kama tunavyosema kwetu, vinya. Nani anamkataza mtoto nguvu? Ukimuuliza mtoto wa huku kama anatumia kitu chochote, energi haimo kwenye hicho chochote. Mtoto wangu hakuwa amedanganya mtu. Alikuwa amejibu swali aliloulizwa.

Daktari akatueleza. Kilichomo ndani ya energi ni kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa na chai, ila hapa imewekwa nyingi, ikafunikwa na sukari ili usiionje. Aliuliza uzito wa binti yangu, akampandisha kwenye mizani, kilo arobaini na nane. Akasema kijana wa umri huo, kafeini yote ya siku nzima, ukijumlisha chai, soda na chokoleti, haifai kupita miligramu tatu kwa kila kilo ya mwili, na madaktari wengi wa watoto wanataka akomee kwenye mia moja tu. Mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili, ni bora asipewe kabisa. Kisha akachukua chupa tupu ambayo mtu alikuwa ameiacha dirishani, akanisomea maandishi madogo ya nyuma. Miligramu thelathini kwa kila mililita mia moja. Chupa ni mililita mia tano.

Mimi nilipata alama ya D ya hesabu, na hata D hiyo mwalimu alinionea huruma. Lakini hii niliipiga. Kilo zake mara tatu ni mia moja arobaini na nne, na chupa ni mia moja na hamsini. Chupa moja, na siku ya mtoto imeisha saa moja asubuhi.

"Kwa hivyo tatu..." nikaanza.

"Tatu ni mia nne na hamsini," akasema. "Mtu mzima kama wewe, mwenye afya, tunamwambia asipite mia nne."

Akaendelea kueleza na mimi kila jambo likinigonga mahali. Mikono kutetemeka ni kafeini. Moyo kwenda mbio, kafeini. Tumbo kuchoma na kutapika, kwenda chooni mara kwa mara, wasiwasi, hasira za ghafla. Kukosa usingizi, kwa sababu ile ya saa kumi jioni, saa tano hivi baadaye nusu yake bado imo mwilini inazunguka. Asubuhi anaamka amechoka, anakunywa nyingine ili aamke. Halafu akamuuliza kama huumwa na kichwa siku ambazo hanywi.

"Jumapili," binti yangu akasema.

Jumapili. Kila Jumapili mtoto huyu alikuwa akilalamika kichwa, na kila Jumapili mimi na mama yake tulikuwa tukimwambia kwamba kichwa chake hakipendi kanisa. Jumapili kantini imefungwa.

Tuliwekwa pale mpaka moyo ukashuka, akipewa maji kidogo kidogo. Daktari akaniambia hakuna dawa ya kuifuta, mwili huitoa wenyewe. Lakini akanishika bega akasema nisikilize vizuri: akiumwa na kifua, akizimia, moyo ukianza kupiga bila mpangilio, akipata degedege au kutapika kusikokoma, nisimlaze nyumbani nikisubiri kupambazuke, niende hospitali kubwa. Na asichanganye kamwe energi na muguka, wala na pombe. Energi akaiondoa kabisa. Chai akamruhusu kikombe kimoja chepesi asubuhi, ili kichwa kisimpasuke akiacha yote kwa mpigo, na akaonya kwamba bado kitamuuma siku chache na atakuwa mzito, mkali, mwenye kusinzia.

"Nyepesi kiasi gani?" nikauliza.

"Wewe unapikaje?"

Nikamweleza ninavyopika. Akasema basi nipunguze majani nusu, halafu nipunguze tena. Binti yangu akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hata mkwe wangu wa Kibugu nilimwazia, na chai yake nzito ya kusafisha damu, nikashukuru kwamba sikumpeleka.

Lakini njiani kurudi sikuwa nashukuru mtu. Nilikuwa nyuma ya boda, mtoto katikati, na kila nikifikiria neno moja, hasira inanipanda kama maziwa kwenye jiko. Neno hilo ni motisha. Moja nilipewa, ilikuwa ya motisha. Nilimuuliza, naye akanieleza huku upepo ukimla maneno. Darasa ambalo wote wanafika mapema kwenye prepu ya asubuhi kwa wiki nzima hupewa kreti la energi. Mwalimu wao husema wanaweka mafuta kwenye gari. Darasa lao lilikuwa limeshinda. Kreti lilikabidhiwa kwenye paredi, kwa kipaza sauti kile kile, na makofi yakapigwa. Aliyekabidhi alikuwa ni depyuti.

Kesho yake nilienda shule bila kuitwa. Nataka hili lieleweke. Mtu ambaye hujificha bafuni mgeni akibisha hodi alivaa viatu vya ngozi kwa hiari yake. Binti yangu alikuja nami, kichwa kikimuuma tayari, amevaa sare yake yote kamili. Nilimwambia angeweza kubaki. Akaniambia nikienda peke yangu nitasema vibaya Kiswahili na shule itacheka.

Tulipitia kantini kwanza. Nilitaka kuona. Friji lilikuwa pale pembeni, mlango wa kioo, taa ndani, chupa zimepangwa safu kwa safu, nyekundu na bluu, na muuzaji amezielekeza mbele vizuri kuliko vitabu vya maktaba. Nikaomba moja. Nilipoingia nayo ofisini nilikuwa nimeibeba mkononi kama mtu anayeleta nyoka.

Nilimpa depyuti karatasi ya daktari. Aliisoma, akaisoma tena. Uso wake ukalegea kidogo, nikafikiri tumemaliza. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyepumua.

"Kumbe ni soda," akasema. "Mzazi, hilo ni jambo dogo. Hata mimi nakunywa."

Nikamwambia si soda. Akaniambia wanafunzi wa siku hizi wana kazi nyingi, wanaamka mapema, wanahitaji kusaidiwa kidogo, na wazazi wengine wameshukuru kwa motisha hiyo. Alikuwa mpole sana, na upole wake ukanikasirisha kuliko kunusa. Jana mtoto yule yule, mikono ile ile, tetemeko lile lile: likiwa la muguka ni jinai, likiwa la friji la shule ni jambo dogo.

Nikageuza chupa nikasoma nyuma, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne ambacho hutoka chumbani kwa nadra kama mimi. Maandishi yalikuwa madogo. Lakini nilisoma. Kisha nikamwambia kwa Kiswahili, ili asije akasema sikuelewa: haifai kwa watoto, haifai kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Haya yameandikwa na wenye kuitengeneza. Si mimi, si daktari. Wenyewe.

"Hapo wanamaanisha watoto wadogo," depyuti akasema. "Wa nasari."

"Madam, jana hapa hapa uliniambia nichunge mtoto wangu. Alikuwa mtoto jana. Amekua saa ngapi?"

Mmoja wa walimu waliokuwa wakisahihisha akakohoa. Depyuti akakunja karatasi ya daktari. Akasema sawa, mwanafunzi arudi darasani, yeye atazungumza na bodi, hapatakuwa na kikao. Tumeyamaliza, akasema, na akanyoosha mkono nimpe wangu. Nami niseme ukweli, nilikaribia kumpa. Nyumbani kulikuwa na maziwa. Mgongo ulikuwa umeanza.

Binti yangu ndiye hakuamka kwenye kiti.

"Madam," akasema, polepole, kwa sababu kila neno lilikuwa likimgonga kichwani. "Ulininusa mikono mbele ya darasa. Halafu mkasema kwa paredi."

"Sikutaja jina lako."

"Kila mtu anajua. Tangu getini leo wananiita shamba la muguka. Nikirudi hivi tu, nitakuwa shamba mpaka nimalize shule."

Hakulia. Sijui nguvu hiyo aliitoa wapi, na ninajua si ya chupa. Depyuti alitazama dirishani ambako wanafunzi walikuwa wameanza kujipanga kwa paredi ya saa nne. Akainuka, akachukua kipaza sauti kwenye kabati.

Tulisimama nyuma kabisa, mahali pangu pa kawaida. Alitangaza kwamba mwanafunzi aliyetajwa jana hakuwa ametumia muguka, kwamba hospitali imethibitisha, na kwamba shule inasikitika kwa usumbufu. Hapo ilikuwa sawa. Nikashusha mabega. Halafu akaongeza kwamba mwanafunzi huyo alikuwa amekunywa vinywaji vya kuongeza nguvu kupita kiasi, na akawaonya wote wawe na kiasi, wajifunze kujizuia, maana vijana wa siku hizi hawajui kujizuia.

Kujizuia. Friji lilikuwa mgongoni kwake, ungeweza kuliona kupitia mlango wa kantini, taa inawaka.

Sikupanga. Mtu ambaye hata kanisani husema amina kimoyomoyo alifungua mdomo nyuma ya wanafunzi mia kadhaa.

"Mliowauzia ni nyinyi!"

Sauti ilipasuka katikati, ikatoka kama ya jogoo mchanga. Shule nzima ikageuka. Kicheko kikaanza mbele kikaja nyuma kama mvua inayokuja juu ya mabati. Binti yangu akajifunika uso. Lakini niliendelea, kwa vile kibaya kilikuwa kimeshatokea. Nikasema chupa moja ya lile friji ni zaidi ya mtoto anavyoweza kubeba kwa siku. Nikasema waliwapa kreti kama zawadi na kupiga makofi. Nikasema na kama ni kunusa mikono, waanze kunusa mlango wa ile kantini. Depyuti alizima kipaza sauti, jambo ambalo halikusaidia, kwa kuwa mimi sikuwa nacho.

Paredi ikavunjwa. Nilibaki nimesimama kando ya uwanja nikitoka jasho ndani ya koti la kanisani, nikifikiria jinsi nitakavyohamia kijiji kingine. Depyuti alisimama mlangoni pa ofisi, mikono amefunga kifuani, akinitazama. Sikujua kama ananiita au ananifukuza. Mwanamume wa kantini alikuwa ametoka nje na kufuli mkononi, hajui afunge au afungue. Baadaye nilisikia aliambiwa aondoe zile chupa, akaziondoa, na siku chache tu zilipita kabla hazijapatikana kwenye kibanda kilicho mbele ya geti, kwa bei nafuu kidogo. Sijui nani wa kumpigia kelele huko. Bado natafuta.

Lakini hapo uwanjani, nikiwa bado nahema, msichana mmoja alikuja. Ndiye anayekaa dawati moja na binti yangu, amewahi kuja kwangu kula mukimo. Alisimama mbele yangu, akatazama nyuma kama kuna mtu anasikiliza, kisha akanyoosha mkono wake, vidole vimefunguka. Vidole vilikuwa vinatetemeka.

"Baba," akaniuliza, "na hii, ni ile ile?"

Nyuma yake kulikuwa na mwingine, na mvulana mmoja mrefu wa mpira aliyejifanya anapita tu. Yule mrefu alikuwa ameweka kiganja kifuani, anasikiliza.

Nilimuuliza msichana tangu aamke amekunywa nini. Akanieleza. Nikamwambia asinywe nyingine, anywe maji, na kichwa kikimuuma kesho asishangae. Nikamuuliza yule wa mpira kama kifua kinauma. Akasema kidogo, akikimbia. Nikamwambia leo hakimbii, leo anaenda zahanati, na kwamba kama hana wa kumpeleka nitampeleka mimi, boda iliyotuleta bado iko getini. Nikasikia binti yangu nyuma yangu akimweleza mwingine habari za miligramu, kilo mara tatu, kwa sauti ya mtu aliyechoka na anayeumwa na kichwa lakini anayejua hesabu yake.

Yule wa dawati moja hakuondoka. Aliuliza afanye nini wakimwita ofisini na mikono hii. Nikatazama upande wa depyuti, naye alikuwa bado mlangoni, bado amefunga mikono.

"Nenda wewe mwenyewe kabla hujaitwa," nikamwambia. "Mwonyeshe hivyo hivyo inavyotetemeka. Na akitaka kuinusa, mwambie hapana."